Saiba haijaharibu faili yako, fonti ndiyo uliiacha nyumbani

Wacha niseme hii mapema ndio tusisumbuane. Ukituma faili ya Word kutoka kwa laptopu yako, ikafunguliwa kwa saiba hapa Isiolo mjini ikiwa na sura nyingine kabisa, mtu wa saiba hana makosa. Hajagusa kitu. Wewe ulituma maandishi bila herufi zake, halafu unashangaa kompyuta ya wenyewe imetafuta herufi zingine. Maoni yangu ni kwamba jukumu la fonti ni la anayetuma faili, si la anayeipokea, na nitawaonyesha kwa nini.

Watu wengi hudhani faili ya Word ni kama picha. Ati ukishaipanga vizuri na kuisevu, imeganda hivyo, popote itakapofunguliwa itakuwa vilevile. Hapana. Faili ya Word inabeba maneno yako, na kando ya maneno inabeba maagizo: hapa weka fonti fulani, saizi 12, wino mzito. Inabeba jina la fonti tu. Umbo lenyewe la herufi, ule mkunjo wa S na mkia wa Q, linakaa kwa faili nyingine iliyosakinishwa ndani ya kompyuta yako. Ukiwa na Windows, nenda uzione hapa:

```
C:\Windows\Fonts
```

Sasa ukituma faili yako, jina la fonti linasafiri, umbo linabaki nyumbani. Kompyuta ya pili inasoma jina, inaangalia kama iko na fonti hiyo, na kama haiko nayo haikwambii kitu. Inachagua nyingine inayofanana kidogo na kuendelea na kazi. Ndani ya faili kuna orodha ndogo ya fonti zilizotumika pamoja na maelezo machache ya kila moja, kwa mfano kama ina vimkia miguuni au haina, na kama herufi zake zote zina upana sawa. Word hutumia maelezo hayo kukisia mbadala. Wakati mwingine inakisia vizuri, wakati mwingine inakupatia kituko.

Na hapa ndipo watu hudanganyika. Hata fonti ikiwa haipo, kile kisanduku cha juu cha kuchagua fonti bado kitaandika jina lile lile ulilotumia. Kinaonyesha kile faili inachotaka, si kile unachokiona. Kwa hivyo mteja anaangalia kisanduku, anaona jina sawa, anaangalia maandishi, anaona mabaya, na anahitimisha kwamba huyu kijana wa saiba amechezea kazi yake.

Nimekaa kwa saiba za hapa muda wa kutosha kuona ugomvi huu mara nyingi, lakini mmoja ndio ulinifanya niandike. Familia moja iliandaa programu ya mazishi ya mzee wao. Ilitengenezwa na kijana wao aliye mbali, akaituma kwa WhatsApp, na mama mmoja akaja kuichapisha jioni, mazishi yakiwa kesho yake asubuhi. Ilipangwa kama kijitabu: kurasa 8 ndogo, mbili kila upande wa karatasi ya A4, ukikunja katikati unapata kitabu. Kurasa 8 ni karatasi 2 tu, hesabu safi kabisa.

Ilipofunguliwa, jina la marehemu kwenye jalada, lililoandikwa kwa ile fonti ya mwandiko wa mkono inayoitwa Great Vibes, lilikuwa limegeuka herufi za kawaida tu. Hiyo mtu angevumilia. Shida kubwa ilikuwa ndani. Maelezo ya maisha ya mzee yaliandikwa kwa Arial Narrow, na ile kompyuta haikuwa nayo, ikaweka Arial ya kawaida. Kijitabu kikatoka kurasa 8 kikawa 9.

"Kijana wangu, mbona umeongeza kurasa? Unataka pesa ya ziada kwa msiba?" mama akauliza.

"Hapana mama, mimi sijaongeza kitu. Ndivyo imefunguka."

"Kwa simu ya mwanangu iko sawa. Kwako ndio imeharibika."

Wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na hakuna aliyekuwa anamwamini mwenzake. Acha tufanye hesabu ndio uone ilikotoka ile kurasa ya tisa. Arial Narrow ni Arial iliyobanwa. Upana wake ni kama asilimia 82 ya Arial ya kawaida. Mstari unaobeba herufi 60 kwa Arial Narrow utabeba kama 49 kwa Arial. Zile herufi 11 zinasukumwa mstari unaofuata, na wa kufuata unasukuma mwingine, mpaka mwisho wa kitabu. Ukichukua kurasa 8 zilizojaa maandishi matupu ukazigawa kwa 0.82, unapata karibu kurasa 10. Hii ilikuwa na picha kadhaa ambazo hazipanuki, ndiyo maana ilisimama kwa 9.

Kurasa moja zaidi inaonekana ni kitu kidogo, lakini kijitabu cha kukunja hakijui kurasa 9. Kila karatasi ya A4 iliyokunjwa inatoa kurasa 4. Ukizidi 8 hata kwa mistari mitatu, unaenda 12, na tatu za mwisho zinabaki nyeupe. Tuseme saiba inachaji shilingi 10 kwa kila upande unaochapishwa. Kitabu cha karatasi 2 kina pande 4, yaani shilingi 40. Cha karatasi 3 kina pande 6, yaani shilingi 60. Kwa nakala 150, ni tofauti ya 6,000 na 9,000. Shilingi elfu tatu, kwa familia iliyo na msiba, kwa sababu ya upana wa herufi.

Jamaa wa saiba alifanya kile wengi hufanya: akapunguza saizi ya maandishi hadi yakaingia kurasa 8. Ikatosha, lakini wazee waliobaki na kile kitabu mkononi walikuwa wanakisogeza karibu na macho kusoma. Na kuna njia ya kuzuia yote hayo kule kule kwa anayetuma, ya kubonyeza mara chache tu.

Njia yenyewe ni kupakia fonti ndani ya faili. Yaani badala ya faili kubeba jina tu, inabeba na umbo la herufi. Kwa Word ya Windows fanya hivi kabla ya kutuma:

1. Bonyeza `File`, halafu `Options`, halafu `Save`.
2. Shuka mpaka chini, kwa `Preserve fidelity when sharing this document`, na uhakikishe jina la faili yako ndilo liko hapo.
3. Weka tiki kwa `Embed fonts in the file`.
4. Bonyeza `OK`, kisha usevu faili tena. Usiposevu, hakuna kilichofanyika.

Chini ya hiyo tiki ya kwanza kuna vitiki viwili vingine, na ndivyo watu huvipuuza halafu mambo yanaharibika tena.

Cha kwanza ni `Embed only the characters used in the document`. Kikiwekwa, Word inapakia zile herufi tu ambazo umezitumia. Faili inabaki nyepesi, na kwa mtu wa bando hiyo ni habari njema. Lakini fikiria programu yako ina majina kama Halake, Guyo na Boru, na hakuna mahali umeandika Q kubwa. Usiku wa kuamkia shughuli wanakupigia: kuna jina limesahaulika, la Qabale. Mtu wa saiba anaandika, na ile Q inakuja kwa fonti nyingine, imesimama pekee yake kama mgeni aliyevaa vibaya harusini. Umbo la Q halikupakiwa kwa sababu hukuwa umeitumia. Kwa hivyo kama kuna uwezekano hata kidogo wa kurekebisha kitu upande wa pili, usiweke tiki hapo. Kama ni ya kuchapishwa vile ilivyo, weka.

Cha pili ni `Do not embed common system fonts`. Hiki kwa kawaida huwa kimewekwa tayari. Kinaiambia Word isipakie fonti za kawaida za Windows, kwa sababu inadhani kila mtu anazo. Ni sawa ikiwa unatoka Windows kwenda Windows. Lakini kuna kompyuta zinazotumia Linux, na hizo hazina fonti za Microsoft isipokuwa mtu azisakinishe. Kama hujui faili inaenda kufunguliwa wapi, toa hiyo tiki. Faili itakuwa nzito zaidi. Arial ya kawaida pekee kwenye Windows 10 ni karibu megabaiti 1, na wino mzito na wa mlazo ni faili zingine kando. Ndiyo maana siwaambii mpakie kila kitu kila siku. Fanya hivyo kwa faili ambayo sura yake ina maana.

Utajuaje kama fonti imeingia kweli? Kwanza angalia uzito wa faili kabla na baada. Ukiona haujabadilika hata kidogo, hakuna kilichoingia. Ukitaka uhakika, tengeneza nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina lake kutoka `.docx` kuwa `.zip`, halafu ifungue. Ndiyo, faili ya Word kwa ndani ni mkoba wa faili ndogo ndogo. Tafuta humo:

```
word/fontTable.xml
word/fonts/font1.odttf
```

Ile ya kwanza ni orodha ya majina niliyoitaja, na iko kila wakati. Ile folda ya `fonts` huiona tu kama umepakia. Mwisho wa jina ni `.odttf` kwa sababu Word huwa imevuruga mwanzo wa ile fonti makusudi, ili mtu asiichomoe kirahisi na kuisakinisha kwake. Fonti inaazimwa kwa ile faili moja, haigawiwi bure.

Na hapo ndipo kuna mpaka mmoja wa kujua. Si kila fonti inakubali kupakiwa. Aliyeitengeneza huweka ruhusa ndani yake. Fungua ile folda ya fonti, iweke kwa mtindo wa `Details`, utaona safu inayoitwa `Font embeddability`. Ikiwa imeandikwa `Installable` au `Editable`, uko sawa, mpokeaji anaweza kusoma na kurekebisha. Kuna daraja la kati linaloruhusu kusoma na kuchapisha tu bila kurekebisha. Na ikiwa imeandikwa `Restricted`, Word itaiacha nje hata uweke tiki mara kumi. Fonti nyingi za Google Fonts, Great Vibes ikiwemo, zina leseni huru inayokubali kupakiwa. Zile za kuokota kwa tovuti za bure bure, angalia kwanza. Na ukipewa fonti yenye mwisho wa `.otf` na `.ttf`, chukua `.ttf`, kwa maana Word imezoea kuzikataa `.otf` nyingi wakati wa kupakia.

Najua kuna wale watakaoniambia: si utume PDF tu mambo yaishe? Kwa kazi iliyokamilika, nakubali mia kwa mia. PDF hupakia fonti yenyewe bila kuulizwa, na ile programu ya mazishi ingetumwa kama PDF mama yule hangegombana na mtu. Kama faili inaenda kuchapishwa tu, au inaenda kusomewa kwa simu, tuma PDF na ulale. Lakini nusu ya faili zinazozunguka hapa si za kuchapishwa tu. Ni fomu ya kujaza, ni mtihani ambao mwalimu mwenzako ataongeza swali, ni pendekezo la kikundi cha kina mama ambalo katibu yuko Merti, mweka hazina yuko Garbatulla na mwenyekiti yuko mjini, na kila mmoja anaongeza sehemu yake. Huwezi kuzungusha PDF hivyo. Hapo ndipo kupakia fonti kunahitajika.

Wengine watasema tumia Times New Roman na Arial kila mahali. Ni ushauri mzuri wa dharura, sina ugomvi nao. Ila ujue siku hizi hata mtu ambaye hajachagua fonti yoyote anaweza kuingia shimoni. Kuanzia Office ya 2007, Word ilikuwa ikikufungulia ukurasa mpya kwa Calibri. Mwaka wa 2023 Microsoft ilianza kuibadilisha kuwa Aptos kwa wale wa Microsoft 365. Word za zamani, za 2010, 2013 na 2016, hazikuja na Aptos. Na ni saiba ngapi unazijua ambazo bado zinatumia hizo? Kwa hivyo kijana aliyenunua laptopu mpya anaandika wasifu wake wa kazi, kurasa 2 kamili kama alivyoambiwa, hagusi fonti hata mara moja, na kwa saiba maandishi yanapangika upya. Jina la mdhamini wake wa mwisho linaweza kuangukia kurasa ya tatu, au kichwa cha sehemu kikabaki chini ya ukurasa bila maelezo yake. Anayepokea hajui habari za fonti. Anaona tu mtu aliyeambiwa kurasa 2 akaleta 3.

Halafu kuna wale wa "si saiba wasakinishe hiyo fonti?" Wanaweza, kama uliwatumia faili ya fonti, kama kompyuta haijafungwa kwa nenosiri la mwenye duka, na kama foleni nyuma yako inakubali kungoja. Hiyo ni kumwachia mtu wa shilingi 10 kazi ambayo wewe ungeimaliza kwa dakika moja ukiwa umekaa.

Na nyinyi mlio nyuma ya kaunta, nina neno moja kwenu pia. Faili ikifunguka vibaya, msianze kupunguza saizi kimyakimya. Nendeni `File`, `Options`, `Advanced`, shukeni mpaka `Show document content`, mbonyeze `Font Substitution`. Itafunguka orodha yenye pande mbili: fonti iliyokosekana, na ile iliyowekwa badala yake. Kama hakuna iliyokosekana, Word itawaambia hivyo hapo hapo. Mgeuzieni mteja kioo aone mwenyewe: "Mama, faili imeomba hii, kompyuta haina, imeweka hii." Hapo hakuna tena habari ya nani ameharibu. Anampigia aliyetuma, anatumiwa PDF au faili iliyopakiwa fonti, na kazi inaendelea. Ila pale pale kuna kitufe cha `Convert Permanently`. Msikiguse. Hicho kinafuta jina la fonti ya asili na kuandika mbadala moja kwa moja, na mkisevu, hata faili ikirudi kwa mwenyewe haitarudi sura yake.

Lakini lawama yangu kubwa iko kwa wale wanaosambaza faili kwa watu wengi: ofisi zinazotoa fomu, makamati, shule, waandaaji wa shughuli. Mtu mmoja akituma wasifu vibaya, ameumia mmoja. Ofisi ikitoa fomu ya Word bila fonti, watu mia wanaijaza kwa kompyuta mia, mistari inahama, visanduku vinaruka kurasa, na mwishowe mwombaji ndiye anaambiwa fomu yake haiko sawa. Anayetoa fomu ndiye pekee anayejua ilitakiwa kuonekana vipi. Basi ni yeye wa kuipakia fonti, mara moja, kabla ya kuituma. Wale mia hawawezi kurekebisha kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Kabla hujatuma faili yoyote ya Word leo, jiulize kitu kimoja: upande wa pili kuna wa kurekebisha kitu? Kama hakuna, tuma PDF. Kama yuko, pakia fonti, sevu, angalia uzito umeongezeka, ndio utume. Na ukipigiwa simu ati imefunguka vibaya, usianze na "huyo wa saiba ni nani?" Anza na kuangalia ile tiki yako.